Nimeacha pombe, nisali vipi kila siku ili nisirudi?

Shikamoo kaka. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, nipo Moshi, miaka 38, nina mke na watoto wawili. Nimekunywa tangu nina miaka 17 na hii miaka minne ya mwisho ilikua kila siku, mbege, bia, na zile kali za chupa ndogo. Nimeacha wiki sita sasa. Nilienda mbele kanisani nikaweka nadhiri kwamba sitagusa pombe maisha yangu yote, na hii ni mara ya tatu kuweka nadhiri ya hivyo, mbili za kwanza zilivunjika.

Kila asubuhi nasali saa nzima Mungu aniondolee hamu kabisa. Haiondoki. Ikifika saa 11 jioni nafunga kazi, mfukoni nina hela ya mteja, na njia ya nyumbani inapita stendi kwenye zile grosari, naanza kutetemeka moyo. Nawaza labda Mungu amenichoka.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Jumamosi ya wiki iliyopita niliingia, nikanywa bia tatu, nikatafuna bigijii njia nzima, mke wangu hakujua. Jumapili watu wakanipa mkono "hongera, wiki ya tano hiyo". Nikasema asante. Kila nikisali sasa naona kama naongea na ukuta.

Mchungaji ananiambia nifunge siku tatu kavu. Na Desemba inakuja, tunapanda nyumbani, huko mbege haikwepeki. Naomba uniandikie sala ya kila siku, fupi, ya mtu kama mimi. Na uniambie ukweli kama sala inasaidia kweli.

Fundi, Moshi

---

Marahaba mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, nikaiweka, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikaisoma tena. Mimi pombe niliacha 2013, nilikua dereva wa malori, kwahiyo hiyo saa 11 jioni unayoisema naifahamu hadi harufu yake. Sala nitakuandikia hapo chini lakini kwanza tumalize la kufunga maana hilo linaweza kukuua.

Kwa leo, kwa mwili wako ulivyo saivi, hatari hiyo imepungua kwasababu wiki zile za mwanzo umeshazivuka, na bia tatu za siku moja hazijakurudisha pale. Ila sikia, ukija kuanguka ukanywa wiki mbili tatu mfululizo kila siku halafu ukaamua kuacha, usiache kwa kujifungia chumbani na kufunga kavu. Mtu aliyezoea pombe kila siku akikata ghafla, ndani ya masaa 6 mpaka 24 anaanza kutetemeka mikono, jasho, usingizi hakuna. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege, anguka chini, povu. Kati ya siku ya pili na ya nne ndio wengine wanachanganyikiwa kabisa, wanaona vitu, joto linapanda, moyo unakimbia, na hapo bila hospitali mtu anafariki. Ongeza njaa na kiu juu yake, yaani sukari imeshuka, maji hakuna, vitamini B1 ambayo mlevi mara nyingi tayari imempungukia, unakua umemsukuma mwenyewe shimoni.

Mimi nilifungiwa hivyo 2012, kwenye nyumba ya maombi ambayo sitaitaja, niliingia Ijumaa asubuhi. Jumapili usiku niliona sisimizi wanatoka kwenye tundu la swichi, wengi, wanashuka ukutani wanakuja kwenye mkeka wangu, nikawa nawafagia kwa mikono huku napiga kelele. Wale wapendwa walikua na nia njema kabisa, wakasema pepo linatoka, wakaongeza sauti. Kaka yangu ndio alikuja akaniona macho, akanibeba kwenye bajaji mpaka hospitali, nikawekewa dripu, nikachomwa B1 na dawa za kutuliza, nimelala siku tano. Daktari alimwambia ungechelewa mpaka kesho tungekua tunaongea mengine. Kwahiyo mweleze mchungaji wako kwa heshima, baba mchungaji naomba mfungo wangu uwe wa kitu kingine, mfano kutopita ile njia. Atakuelewa. Ukiona tena dalili hizo, kutetemeka na kuona visivyokuwepo, unaenda hospitali na sala unaisalia njiani.

Sasa sala.

Umeniuliza inasaidia kweli au vipi. Inasaidia, ila kuna namna ya kusali inayomrudisha mtu kwenye chupa, na hiyo namna nimesali mimi miaka mingi na naona wewe unaisali sasa. Unaomba hamu iondoke kabisa. Hamu ya pombe haikai moyoni kama dhambi iliyojificha, inakaa kwenye mazoea ya ubongo, imefungwa na vitu: saa ile, ile kona ya stendi, harufu ya nyama choma, hela mfukoni, uchovu. Miaka 21 umeufundisha ubongo kwamba saa 11 ikifika na grenda ikizimwa kinachofuata ni pombe. Ubongo haujasikia nadhiri yako, unasubiri tu saa 11. Kwahiyo ukiomba iondoke halafu ikaja, unahesabu kwamba umenyimwa, na mtu aliyenyimwa na Mungu ananunua bia kwa uchungu. Wakati ukweli ni kwamba hamu ikija ni kama wimbi, inapanda, inafika juu, inashuka, mara nyingi haimalizi nusu saa kama hujailisha. Omba uwezo wa kuivuka hiyo nusu saa. Hilo ni ombi dogo na linajibika siku hiyohiyo, unaliona kwa macho yako, umefika nyumbani mkavu, limejibiwa.

Na la pili ni hiyo "maisha yangu yote". Kumbuka mana jangwani, Kutoka 16. Wana wa Israeli waliambiwa waokote ya siku moja tu, na waliobakiza mpaka asubuhi ikaingia mabuu ikanuka. Wewe umeenda mbele ya kanisa ukaokota mana ya miaka arobaini kwa mkono mmoja, itaachaje kuoza? Na Bwana Yesu mwenyewe alipofundisha kusali alisema utupe leo riziki yetu, hakusema ya mwaka mzima. Sikuambii nadhiri yako ilikua mbaya, uliiweka kwa machozi na Mungu anajua. Nakuambia tu kwamba mtu mwenye ugonjwa wetu maisha yote hayambebeki, lakini leo inambebeka, hata mimi leo nimeamka sijui kama 2030 nitakua nakunywa au la, ila najua leo sinywi.

Kuna mtu mmoja wa Dublin, Ayalandi, anaitwa Matt Talbot, alizaliwa 1856, alianza kunywa ana miaka kama 12 hivi akifanya kazi kwa muuza mvinyo. Alikua kibarua, mshahara wote kwenye pombe. Mwaka 1884, siku moja hana hela hata senti, akasimama nje ya baa akiwasubiri rafiki zake ambao yeye alikua anawanunulia kila siku, wakapita mmoja mmoja, hakuna aliyemwambia ingia. Akarudi nyumbani mapema hajalewa mpaka mama yake akashangaa. Akaenda kwa padri akaweka nadhiri. Na hapa ndio nataka usikie: nadhiri ya miezi mitatu. Mitatu tu. Ikiisha akaweka ya sita, ndio baadaye akaweka ya maisha. Inasimuliwa siku za mwanzo alijikuta ameingia baa, mhudumu akachelewa kumsikiliza, akatoka, na tangu hapo akaamua hatembei na hela mfukoni. Akalipa madeni ya kwenye mabaa. Kuna mpiga fidla mmoja ambaye yeye na wenzake walimwibia fidla yake wakaiuza wakanywa, akamtafuta miaka amrudishie, hakumpata. Alifariki 1925, miaka 41 hajagusa. Wakatoliki mwaka 1975 walimpa cheo cha Mtumishi Mheshimiwa, hatua moja kabla ya mwenyeheri. Wewe labda ni Mlutheri, sijui, lakini angalia alichofanya: alisali sana, kila siku Misa alfajiri, na mifuko akaiacha mitupu. Sala na mfuko vilienda pamoja.

Kwahiyo hii ndio ya asubuhi. Isali umesimama, kabla hujashika simu, dakika mbili zinatosha, ile saa nzima iache kwanza maana naona umekua ukiitumia kujipiga.

"Baba, nimeamka na sijanywa. Mimi ni mlevi, hilo nalisema mimi kabla hajalisema mtu. Siombi kesho, siombi Desemba, naomba leo mpaka nitakapolala. Hamu itakuja saa 11, wewe unajua na mimi najua. Ikija nipe miguu ya kupita. Nipe mdomo wa kusema kweli kabla sijaulizwa. Leo nikibanwa nitampigia (taja jina), na nikiona sitaki kumpigia, nishtue, maana hapo nimeshaanza kuficha. Hela ya leo itaenda (sema inapokwenda). Nirudishe nyumbani nikiwa mimi. Amina."

Wengine wanaliogopa hilo neno mlevi, wanasema mimi nimeokoka siwezi kujiita hivyo. Kama mchungaji wako ana shida nalo sema "mimi nikinywa moja sisimami", ni kitu hichohicho. Lakini usilifute kabisa, kwasababu siku utakayosahau kulisema ndio siku utakayowaza kwamba wewe bia moja na chakula haina shida. Mimi 2012 baada ya kutoka hospitali nilikaa miezi minne safi, nikapona kabisa kichwani mwangu, nikanywa moja kwenye harusi ya binamu yangu, wiki ile ile nilirudi pale pale nilipoachia, tena kama vile sikuwahi kuacha hata siku moja.

Na ona hiyo sala ina saa, ina jina la mtu, ina hela. Sala ya jumla jumla, Bwana nisaidie nishinde majaribu, ni nzuri kwa mtu mwingine, kwetu sisi inateleza. Mlevi ni hodari sana wa kuongea na Mungu kwa maneno makubwa huku hajataja kitu hata kimoja. Saa 11 ni kitu. Hela ya mteja ni kitu. Ukishataja, unaona cha kufanya, kwamba mteja wa leo nimwambie anitumie kwenye simu ya mke wangu, nikitoka nina nauli tu. Au nizunguke njia ya juu hata kama ni dakika 15 zaidi.

Halafu kuna ya jioni ile ya kwenye wimbi, na hii lazima iwe fupi maana hapo akili haipo. Mimi nilikua nasema "Baba, nipitishe tu hapa" kila hatua nne, nahesabu. Ndio hivyo, haina zaidi. Ila kabla hujaisema jiulize mambo manne ambayo watu wa AA, vile vikundi vya walevi wanaopona, wameyaweka vizuri: nina njaa? nina hasira? niko mpweke? nimechoka? Wewe fundi umekula saa ngapi? Nakisia saa 7 mchana, wali maharage, halafu mpaka saa 11 unakata vyuma juani. Nusu ya ile hamu ni njaa na kiu vimevaa nguo ya pombe. Saa 10 jioni kula kitu, viazi, uji, mhogo, chochote kizito na maji mengi, halafu uone saa 11 inavyokuja imepungua ukali. Sio kwamba itaisha. Inapungua kiasi cha sala ya hatua nne kuiweza.

Hao AA nao walianza hivyo hivyo kwenye mlango wa baa. Mei 1935, Akron huko Ohio, Marekani, jamaa mmoja anaitwa Bill Wilson, ana miezi kama mitano tu ameacha, biashara iliyompeleka huko imeshindikana, yuko hotelini mwenyewe, upande mmoja wa ukumbi kuna baa anasikia vicheko, upande mwingine kuna simu. Alienda kwenye simu. Akapiga kwa mchungaji mmoja aliyemkuta kwenye orodha pale, akaomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuongea naye, mwishowe akakutanishwa na daktari mmoja, Bob Smith, mlevi kama yeye. Huyo daktari alikunywa ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo na hiyo ndio siku wanayoihesabu kuwa wameanza. Ninachopenda kwenye hii habari ni kwamba alikua mtu wa kusali na bado alihitaji sauti ya mtu. Ndio maana kwenye sala yako nimeacha nafasi ya jina. Lijaze. Asiwe mke wako, mke ameshabeba ya kutosha, tafuta mwanaume aliyewahi kunywa na ameacha, hata kama ni mzee wa jumuiya yenu. Wapo zaidi ya unavyodhani, hawajitangazi tu.

Basi tufike kwenye ile Jumamosi.

Unasema ukisali unaongea na ukuta. Mdogo wangu, huo ukuta nadhani ni zile bia tatu. Sio kwamba Mungu amekasirika akageuka, ni kwamba wewe kila ukipiga magoti kuna sehemu ya chumba hutaki aangalie, kwahiyo unasali umesimama mlangoni umeziba kwa mgongo. Na kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo bia: bigijii. Kunywa ni kuanguka, kutafuna bigijii ni kupanga. Mtu anayerudi kwenye pombe kwa kawaida anarudi kwenye uongo kwanza, siku kadhaa kabla, vitu vidogo, nilikua kwa mteja kumbe ulikua umekaa tu mahali. Ukitaka kujua kama unaelekea kuanguka usiangalie hamu, angalia kama kuna kitu unakificha.

Kwa hesabu ya barua yako una siku 11, labda 12 hivi, tangu ile Jumamosi. Sio wiki sita. Najua inauma kusoma. Zile wiki tano za nyuma hazijapotea, ulichojifunza humo unacho, mwili umepumzika, lakini ukiulizwa una muda gani jibu la kweli ni hilo, na siku 11 za kweli unaweza kuzisimamia juu, wiki sita za uongo inabidi kila Jumapili uzishike zisianguke.

Mwambie mke wako. Leo au kesho, sio usiku mkiwa mmechoka na sio mkiwa mmegombana, asubuhi watoto wakishaenda shule ni pazuri. Usianze na stori ndefu ya stresi ya kazi. Sentensi tatu zinatosha: "Jumamosi ile ya wiki iliyopita nilikunywa bia tatu stendi. Nilitumia hela ya geti la mteja. Nilikuficha, na hilo la kukuficha ndio limeniuma zaidi." Halafu nyamaza. Hiyo kunyamaza ndio ngumu, utataka kuongeza "lakini", usiongeze. Anaweza kulia, anaweza kukasirika akakaa wiki haongei, anaweza kusema nilijua, maana mara nyingi wanajua, ile harufu na bigijii havidanganyi mtu aliyeishi na mlevi miaka. Yote hayo ni haki yake. Usiombe kwenye sala kwamba akusamehe haraka, omba uwezo wa kukaa na hasira yake bila kwenda kuinywea.

Kabla ya hapo sali hii, mara moja tu, inatosha: "Baba, nilikunywa, nikaficha, nikapokea hongera isiyo yangu. Nakuambia wewe kwanza ili nisibadilishe maneno nikimwambia yeye. Nisimwekee masharti. Amina." Na kwa mchungaji pia utasema, ila huko unaweza kuchukua muda, na mkiongea muulize na habari ya divai ya meza ya Bwana. Watu wanaliona dogo. Sio dogo kwa mtu wa siku 11. Muulize kama unaweza kupokea mkate peke yake, au waandae juisi ya zabibu kama usharika wenu unafanya hivyo. Mweleze mapema, usisubiri ufike pale madhabahuni kikombe kiko mbele ya pua.

Usiku sasa, kabla ya kulala, kaa kitandani:

"Baba, leo imeisha na sijanywa (au: nimekunywa, saa fulani, mahali fulani). Leo nilidanganya hapa... Leo nilimuumiza huyu... Kesho asubuhi nitarekebisha hiki kimoja... Asante kwa nusu saa ile ya jioni, ulinipitisha. Nalala. Ya kesho ni yako mpaka nitakapoamka. Amina."

Pale kwenye vidoto sema vitu halisi, hata viwili tu. Ukikosa cha kusema siku tatu mfululizo basi hujaangalia vizuri, maana hakuna fundi anayemaliza siku tatu bila kumdanganya mteja kwamba geti liko tayari kesho. Nacheka ila namaanisha, hata hilo liseme, mdomo uzoee kweli kwenye madogo ili kwenye kubwa usikwame. Na ukianguka, sala ya usiku haibadiliki, unaisali hivyohivyo ukiwa unanuka pombe, tena hiyo ndio usiku wa kuisali zaidi. Watu wengi wakianguka wanaacha kusali mpaka wawe wasafi, wanakaa wiki, wanakaa mwezi, na huo mwezi wote wanakunywa.

Desemba. Kwanza hukuiomba, kwahiyo usianze kuibeba sasa. Lakini kwenye ile habari ya mana kuna siku moja waliruhusiwa kuokota ya siku mbili, siku ya sita, kwasababu ya sabato, na hiyo haikuoza. Kuna siku ambazo maandalizi yake ni kazi ya leo. Kwahiyo wiki chache kabla ya kupanda, mpigie simu baba yako mdogo au kaka mkubwa, yule ambaye neno lake linasikilizwa pale nyumbani, mwambie wazi kwamba mwaka huu sitashika kata, naumwa, nikionja narudi kule, naomba unisimamie. Watakuambia mbege sio pombe, ni ndizi na ulezi, ni chakula cha wazee. Kwa mtu mwingine sawa. Kwako ni pombe. Ukifika shika kikombe chako cha soda au maziwa mwenyewe tangu mwanzo, mkono usiwe mtupu maana mkono mtupu ndio unawekewa, kaa karibu na watoto na wapishi, na uwe umepanga usafiri wa kuondoka bila kumsubiri mtu aliyelewa. Kama mwaka huu ni mapema mno, siku ya sherehe yenyewe usiende, panda kesho yake asubuhi ukawasalimie wazee na sukari na majani yako. Atakayenuna atanuna, utamkuta mwakani.

Na siku yenyewe utasali ya asubuhi ile ile, unabadilisha tu mahali, badala ya stendi unasema "leo uani kwa babu, kuanzia saa 8 mchana".

Nakushauri pia uende kituo cha afya uongee na daktari hata kama unajisikia mzima, wapime ini, presha, na uwaambie historia yote ya miaka minne. Kuna dawa za kupunguza hamu ambazo daktari anaweza kukuandikia akiona zinakufaa, na kuzimeza sio kukosa imani.

Hizo sala ziandike kwa mkono wako, sio kwenye simu, simu ina namba za wale wa grosari. Kata ubao wa boksi la rodi zako, andika kwa kalamu ya kuandikia vyuma, asubuhi upande mmoja na usiku upande wa pili, weka mfuko wa overoli ule wa kifuani. Itachafuka grisi ndani ya wiki, utaandika nyingine. Jumamosi hii saa 10 kula kwanza, mteja atume hela kwa mama watoto, upite njia ya juu, na yule utakayekua umemwandika jina mpigie ukiwa unatembea, sio ukishafika.